Kistari Juu ya Neno Papá

Dominika moja ya mwezi wa nane, kundi la wageni waliokuwa wametoka mbugani lilikuja kusali nasi hapa Terrat. Wote walikuwa wasemaji wa Kihispania. Kwa Arusha hilo si jambo la ajabu, maana waongoza watalii wengi wa mji huu wanajifunza lugha hiyo kwa ajili ya wageni kama hao. Padre mlezi aliniita sakristia akaniambia, “Frateri, wewe ndiye unayesoma Kihispania. Tuandalie nia moja katika maombi ya waamini kwa lugha yao.”

Nikamwendea mama mmoja wa makamo katika kundi lile. Aliniomba tumwombee baba yake aliyefariki miezi michache iliyopita. Alinitajia maneno polepole, nami nikayaandika kwenye simu. Mwishoni mwa nia niliandika `mi papa`, nikaipeleka karatasi ikachapwa, nikampa frateri mwenzangu aliyepangiwa kusoma. Naye akasoma kama Mswahili yeyote angesoma: PA-pa, mkazo mwanzoni. Nilimwona yule mama akiinua kichwa ghafla, kisha akakiinamisha tena.

Baada ya Misa alinishika mkono akashukuru. Akacheka kidogo, ingawa macho yalikuwa na machozi, akanieleza kwamba baba ni “papá”, mkazo mwishoni, na kistari kinawekwa juu ya “a” ya mwisho. “Papa” bila kistari, kwao Amerika ya Kusini, ni kiazi mviringo. Neno hilo hilo likitanguliwa na “el” ni Baba Mtakatifu. “Mungu anajua nilimaanisha nani,” aliniambia. Ni kweli, Mungu anajua. Lakini mama yule alikuwa ameomba tumtaje baba yake mbele ya waamini, nasi tukamtaja kiazi. Simu yangu ilikuwa na herufi “á”. Ni kubonyeza “a” na kushikilia kidogo tu. Sikufanya hivyo kwa sababu nilidhani kistari ni pambo.

Katika lugha yetu hatuhitaji pambo hilo. Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho: ba-ba, ka-ni-sa, m-ka-te, wa-a-mi-ni. Maneno yanayokaidi ni machache mno. Walimu wa sarufi hupenda kututajia “barabara”, ambayo mkazo ukiwa katika silabi ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari, na ukisogea nyuma silabi moja maana yake ni sawasawa kabisa. Hutupa pia “walakini”, ambayo kwa mkazo mmoja ni “lakini” na kwa mwingine ni kasoro. Mifano inakaribia kuishia hapo, na hata hiyo tunaiandika bila alama yoyote kwa kuwa maana ya sentensi inatosha kutuongoza. Kwa hiyo mtu aliyekua na Kiswahili hana mazoea ya kusikiliza mkazo uko wapi. Anajua tayari ulipo kabla neno halijatamkwa.

Mwalimu wetu wa Kihispania ni sista Mtanzania aliyefanya utume miaka mingi Amerika ya Kusini. Jumatatu baada ya Misa ile nilimweleza yaliyotokea. Hakunilaumu. Alinipa karatasi mbili. Moja ilikuwa tupu, kwa ajili ya imla. Ya pili ilikuwa na safu nne za kukata maneno katika silabi. Akasema, “Frateri, tuanze na imla, ili tuone ugonjwa uko wapi.” Akasoma maneno haya mara tatu, taratibu:

“La familia de María llegó a la iglesia. El sacerdote tomó el pan, lo bendijo y lo partió. Mi papá rezó por el papa. Yo rezo por mi país.”

Maana yake: Familia ya Maria ilifika kanisani. Padre aliutwaa mkate, akaubariki na akaumega. Baba yangu alimwombea Baba Mtakatifu. Mimi naiombea nchi yangu.

Imla hiyo ina vistari saba: María, llegó, tomó, partió, papá, rezó na país. Nilipomaliza, karatasi yangu ilikuwa na vistari vitano. Viwili tu, vya María na papá, vilikuwa mahali pake. Niliandika “familía” na “iglesía”, maneno yasiyohitaji kistari. Niliandika “partío” badala ya “partió”. Nikaacha kabisa kistari katika llegó, tomó, rezó na país.

Sista aliitazama karatasi, akaniuliza, “Papá umeipata kwa sababu ya yule mama, sivyo?” Nikakubali. “Na María umeipata kwa bahati. Sababu iliyokupatia María ndiyo iliyokukosesha familia.” Sentensi hiyo ilinichukua wiki nzima kuielewa, na nikiisha kuielewa, karibu kila kitu kingine kilifuata. Ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa kuwa najua mafrateri wengine na waamini wanaojifunza lugha hii wanakwama pale pale nilipokwama mimi.

Tuanze na kanuni yenyewe, ambayo ni fupi kuliko tunavyoogopa. Mhispania akiona neno lililoandikwa bila kistari, anaangalia herufi ya mwisho. Likiisha kwa irabu, au kwa “n”, au kwa “s”, anaweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi. Likiisha kwa konsonanti nyingine, anaweka mkazo katika silabi ya mwisho. Ndiyo maana “señor”, yaani bwana, na “verdad”, yaani ukweli, husomwa kwa mkazo mwishoni na hayana kistari. Kistari kinaandikwa pale tu sauti inapokataa kufuata matarajio hayo. “Ángel”, malaika, linaisha kwa “l”, kwa hiyo tungetarajia mkazo mwishoni; lakini sauti iko mwanzoni, basi kistari kinakaa pale mwanzoni. Na mkazo ukiwa silabi ya tatu kutoka mwisho, kama katika “discípulo” au “católico”, kistari hakikosekani kamwe, maana hakuna neno linalotarajiwa kuwa na mkazo pale.

Vitabu vya shule hugawa maneno haya katika makundi matatu yenye majina yao: aguda kwa mkazo wa silabi ya mwisho, llana kwa silabi ya pili kutoka mwisho, na esdrújula kwa ya tatu. Neno la mwisho linajieleza lenyewe, kwa kuwa lina mkazo katika silabi ya tatu na limebeba kistari chake. Lakini Sista hakutaka tuanze kwa kukariri majina. Alitaka tujue kwamba kistari hakisemi “mkazo uko hapa” kwa kila neno. Kinasema “kanuni imevunjwa hapa”. Mimi katika “familía” na “iglesía” nilikuwa nimeweka alama kila nilipodhani nasikia mkazo, kama mtu anayepiga kengele ya hatari kwa sababu kila kitu ni salama.

Hata hivyo kosa langu kubwa halikuwa hilo. Kosa lilikuwa katika kuhesabu silabi, na bila hesabu sahihi kanuni haina kazi. Nikikosea mahali silabi zinapokatika, “ya pili kutoka mwisho” inakuwa mahali pengine kabisa.

Kwa Kiswahili kila irabu ina silabi yake. Tunasema fa-mi-li-a, silabi nne, na mkazo uko kwenye “li”. Tunasema Bi-bli-a na Ma-ri-a, mkazo ukiwa kwenye “bli” na “ri”. Nilipoletewa “familia” ya Kihispania, sikio langu liliikata vile vile kwa nne, likasikia mkazo kwenye “li”, mkono ukaweka kistari. Lakini Mhispania anaikata kwa tatu: fa-mi-lia. “Lia” ni pumzi moja. Silabi ya pili kutoka mwisho ni “mi”, neno linaisha kwa irabu, sauti inafuata kanuni, na hakuna cha kuandika juu. Vivyo hivyo i-gle-sia ni silabi tatu na si nne.

Sababu yake ni hii. Kihispania kinagawa irabu katika mafungu mawili. A, e na o ni nzito. I na u ni nyepesi. Nzito mbili zikikutana, kila moja inabaki na silabi yake. Nyepesi ikikutana na nzito, kwa kawaida nyepesi inajiegemeza kwa nzito na zote mbili zinakuwa silabi moja. Lakini ikitokea kwamba ile nyepesi ndiyo iliyobeba mkazo, basi inakataa kuegemea. Inasimama peke yake na kuwa silabi, na hapo kistari ni lazima juu yake, bila kuangalia herufi ya mwisho. Ndiyo hali ya Ma-rí-a. “I” imesimama peke yake kwa sababu ina mkazo, na kistari ndicho ushahidi wake. Matamshi ya jina la Mama yetu yanafanana kwa Kiswahili na kwa Kihispania, ila kwetu ni kawaida na kwao ni jambo la kutolea taarifa.

Sasa mtaona kwa nini Sista alisema nilipata María kwa sababu ile ile iliyonikosesha familia. Katika maneno yote mawili nilikata “i” na “a” kuwa silabi mbili. Kwa María ndivyo ilivyo kweli. Kwa familia sivyo. Mimi sikuchagua, nilitumia panga moja kwa miti yote.

Dawa aliyotupa ni ya Kiswahili, na sijaiona katika kitabu chochote cha Kihispania tulicho nacho. Alituambia, “Ninyi mnajua jambo hili tayari. Mtu anayefundisha mnamwita nani?” Tukajibu, mwalimu. “Mbona hamsemi mu-alimu?” Ni kwamba katika lugha yetu “u” ikikutana na irabu nyingine mara nyingi inageuka kuwa “w” na kuacha kuwa silabi: mu- inakuwa mw-. Na “i” vile vile inageuka kuwa “y”: vi- inakuwa vy-, kama katika vyombo. Basi akatuagiza tuchukue penseli na, katika safu ya kwanza ya karatasi, tuandike kila neno la Kihispania kwa “y” na “w” mahali ambapo “i” au “u” imeegemea. Familia ikawa “familya”. Iglesia ikawa “iglesya”. Agua, yaani maji, ikawa “agwa”.

Jaribu sasa kusoma “familya” kama Mswahili. Fa-mi-lya. Mkazo unaangukia “mi” wenyewe, bila kufundishwa. “Biblya” inasomeka BI-blya. Huruma ya Mungu, ambayo kwao ni “misericordia”, inakuwa “misericordya”, na mkazo unakwenda kwenye “cor” palepale wanapouweka wao. Kanuni yetu ya silabi ya pili kutoka mwisho, iliyokuwa inatupoteza, ikawa ndiyo inayotuongoza. Na pale ambapo sikio linakataa “y”, kwa mfano hakuna anayesema “Marya”, unajua “i” imesimama, na unaandika kistari.

Niwaonyeshe jinsi tulivyojaza safu zile nne kwa neno lililonishinda, “partió”, yaani aliumega. Safu ya kwanza ni kuandika kwa “y”: partyo. Safu ya pili ni kukata: par-tyo, silabi mbili. Katika safu ya tatu tunaandika mahali sauti inapopiga. Hapo Sista alisoma neno, nasi tukagonga meza kwenye silabi yenye nguvu, tukagonga kwenye “tyo”, ya mwisho. Safu ya nne ni mahali kanuni inapotarajia: neno linaisha kwa irabu, kwa hiyo ilitarajiwa “par”. Safu ya tatu na ya nne hazikubaliani, basi kistari kinahitajika. Kinakaa juu ya irabu nzito ya silabi ile, yaani “o”: partió. Mimi niliandika “partío” kwa sababu nilikata par-ti-o, na ulimi wangu ukavutwa kwenye silabi ya katikati.

Kwa “país”, nchi, tulifanya hivyo hivyo. Tulijaribu kuandika “pays”. Sista akatamka neno, tukasikia wazi kwamba “i” ndiyo yenye nguvu, haijaegemea. Basi pa-ís, silabi mbili, “i” nyepesi yenye mkazo kando ya “a” nzito, kistari ni lazima. Kwa “bendijo”, alibariki, tulikata ben-di-jo. Sauti iko kwenye “di”, kanuni inatarajia “di”, safu zinakubaliana, hakuna kistari. Ni mojawapo ya vitenzi vyenye desturi yake. Havipeleki mkazo mwishoni ingawa ni vya wakati uliopita.

Hapo frateri mmoja akauliza kuhusu “dio”, yaani alitoa, neno linalofuata “partió” katika Sala ya Ekaristi. Mbona “partió” ina kistari na “dio” haina? Jibu liko kwenye safu ya pili. “Dio” ni dyo, silabi moja tu. Neno la silabi moja halina pa kwenda, mkazo uko hapo hapo, kwa hiyo halipewi kistari. Lakini yule frateri alikuwa na misale ya zamani kutoka maktaba, nayo imechapwa “dió”. Sista alieleza kwamba wote wawili wako sawa kwa zama zao. Wahispania waliandika “dió” na “fué” kwa kistari mpaka kanuni mpya za Akademia yao zilipoanza kulazimishwa mwaka 1959. Ukikuta maneno hayo na kistari, umeshika kitabu cha kabla ya hapo, au cha mtu aliyezoea shule ya zamani.

Kuna vistari vichache vinavyokaa juu ya maneno ya silabi moja kwa sababu tofauti: kutenganisha mapacha wa maandishi. “El” ni kibainishi cha jina. “Él” ni yeye. “Si” ni kama. “Sí” ni ndiyo. “Tu” ni -ako; “tú” ni wewe. Hivyo havikatwi silabi. Hukaririwa tu, na orodha yake haijai nusu ya ukurasa.

Mpaka hapa nilikuwa nimetibu familía, iglesía, partío na país. Yalibaki matatu: llegó, tomó, rezó. Haya hayana “i” wala “u” ya kutusumbua. Lle-gó, to-mó, re-zó, silabi mbili mbili. Kosa lake ni la kusikia, na ndilo gumu zaidi.

Ndani ya kitenzi cha Kiswahili, mtenda na wakati vinakuja mbele. Nikisema “ali-”, unajua tayari kwamba ni yeye na kwamba jambo limepita, hata kabla sijasema alifanya nini. Nikisema “na-”, unajua ni mimi na ni sasa. Sikio letu limefundishwa kupokea habari hiyo mlangoni na kisha kupumzika. Kihispania kinaiweka mwisho wa neno, na mara nyingine hakiiweki katika herufi yoyote, bali katika mkazo pekee. “Tomo” ni natwaa. “Tomó” ni alitwaa. “Rezo” ni nasali, “rezó” ni alisali. “Llego” ni nafika, “llegó” alifika. Herufi ni zile zile. Kinachobeba mtu na wakati ni nguvu ya sauti katika irabu ya mwisho, mahali ambapo Mswahili ameshaacha kusikiliza.

Katika darasa letu aliyeshika hili haraka kuliko wote ni frateri aliyekulia kwa wazazi Wamaasai. Alituambia kwamba katika Kimaasai nomino ile ile, kwa herufi zile zile, hubadilisha toni ikiwa ni mtenda au mtendwa, na maandishi ya kawaida hayaonyeshi. Toni si sawa na mkazo, lakini yeye alikuwa amezoea tangu utotoni kwamba sauti inaweza kubadili maana bila herufi kubadilika. Sisi wengine ilitubidi tulijenge sikio hilo kwa kugonga meza.

Sista alitufundisha pia njia ya kujisahihisha imla ikishakwisha. Rudi kwa kila kitenzi kinachoishia na “o” na umuulize, nani anayetenda? “El sacerdote tomo” haiwezekani, kwa sababu padre si mimi. Lazima iwe “tomó”. “Mi papá rezo” haiwezekani kwa sababu hiyo hiyo. “Yo rezo” ni sawa, kwa kuwa “yo” ni mimi. Kwa swali hilo moja ningeokoa makosa matatu kati ya saba. Lakini lina mpaka wake. Kihispania mara nyingi huacha kumtaja mtenda. Sentensi ikiwa ni “canto” au “cantó” peke yake, naimba au aliimba, hakuna cha kuuliza. Hapo ni sikio tu. Msomaji wa Kihispania ana bahati kuliko mwandishi wa imla: msomaji anayejua kanuni hawezi kukosea mkazo wa neno lililoandikwa vizuri, kwa kuwa maandishi yanamwambia yote. Mwandishi wa imla hana cha kutegemea mpaka asikie kwanza. Na ndiyo maana asiyeandika kistari hajiumizi mwenyewe. Anamwumiza atakayesoma baada yake, kama nilivyomwumiza yule frateri aliyesoma nia yangu kwa uaminifu kama nilivyoiandika.

Sista alimalizia wiki ile kwa jozi moja. Aliandika ubaoni “creo”, akatuuliza ni nini. Tukajibu kwa pamoja: nasadiki, neno la kwanza la Kanuni ya Imani. Akatuambia tukate. E na o zote ni nzito, kwa hiyo kila moja ina silabi yake: cre-o. Mkazo kwenye “cre”, kanuni inatarajia hivyo, hakuna kistari. Kisha akaongeza kistari kimoja juu ya “o”: “creó”. Mkazo umehamia mwisho, mtu amebadilika kutoka mimi kuwa yeye, na kitenzi chenyewe kimebadilika: aliumba. Ni neno la mstari wa kwanza wa kitabu cha Mwanzo. Anayesoma somo la uumbaji akaupuuza mkazo huo, anawaambia waamini “nasadiki” mahali ambapo Maandiko yanasema Mungu aliumba.

Nilifikiri vivyo hivyo juu ya Sala ya Ekaristi. Padre anapofika pale, anasimulia: Yesu alitwaa, alimega, alitoa. Kihispania kinaweka usimulizi huo juu ya silabi ya mwisho ya “tomó”. Akisoma “tomo”, amesema “mimi natwaa”. Katika Kiswahili kosa hilo lingehitaji kubadili herufi mbili nzima za mwanzo na zaidi, na kila mtu kanisani angestuka. Kwa Kihispania linahitaji uvivu wa nusu sekunde, na anayesoma huenda asijue kwamba ametenda.

Tangu hapo nimeendelea na karatasi za safu nne kila Jumatatu, maneno ishirini kwa zamu, na imla fupi baada yake. Makosa ya “i” na “u” yamekaribia kwisha. Ya vitenzi bado yanarudi, hasa Sista akisoma haraka. Juzi alitupa neno la mwisho katika orodha, akatuambia tuligawe na tuweke kistari kama kinahitajika. Lilikuwa “Tanzania”. Nusu ya darasa, mimi nikiwemo, tulianza kuandika Tan-za-ni-a, kisha tukasimama, penseli juu. Tukaandika “Tanzanya” pembeni. Tan-za-nya. Silabi tatu, mkazo kwenye “za”, irabu mwishoni, kanuni imetimia. Wao wanaiandika bila kistari, kama sisi, na kuitamka tofauti na sisi.

Mwezi uliopita ulikuja ujumbe kutoka kwa yule mama, kupitia kwa mwongoza watalii aliyewaleta. Aliuliza kama tungeweza kumkumbuka baba yake siku ya kutimiza mwaka tangu afariki. Nia hiyo niliiandika mwenyewe kwenye simu. Nilifika kwenye “a” ya mwisho, nikabonyeza na kushikilia mpaka herufi zikajitokeza juu ya kidole, nikachagua ile yenye kistari. Kisha nikaisoma kwa sauti mara tatu nikigonga meza kwenye silabi ya mwisho, kabla sijamkabidhi frateri wa zamu karatasi yake.